Namba niliyoiwekea vigae kwenye skrinshoti imesomwa: imewezekanaje?

#1 Mhazini_Kihonda

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana chenye wanachama 22 hapa Morogoro. Kila mwisho wa mwezi huwa ninaweka kwenye kundi letu la WhatsApp skrinshoti ya taarifa ya akaunti ili kila mtu aone salio, na kabla ya kuiweka hufunika tarakimu sita za mwisho za namba ya akaunti kwa kile kifaa cha kuhariri picha kinachogeuza maandishi kuwa vigae vya kijivu.

Juzi, katikati ya kikao, mwanachama mmoja kijana alizitaja tarakimu zote sita mbele ya watu, kisha akasema kwamba amezisoma kwenye picha yangu. Hakuiba kitu na alikuwa anacheka, lakini wazee walinitazama kana kwamba nimeacha sanduku wazi. Nimeitazama ile picha kwa kuikuza mpaka mwisho na sioni chochote zaidi ya vigae vilivyofifia. Naomba mnieleze, je, jambo hili linawezekana kweli, na kama linawezekana, nifiche namna gani mwezi ujao?

#2 Mwl_Hesabu

Dada mhazini, usibabaishwe. Kila kigae ni wastani wa pikseli zilizokuwa mahali pale. Nikikuambia kwamba wastani wa namba mbili ni 4, huwezi kujua kama nilianza na 3 na 5, au na 2 na 6, au na 1 na 7. Taarifa imepotea, na hakuna fundi wala kompyuta inayoweza kuirudisha. Kijana huyo ameiona namba kwenye hati ya kuwekea fedha au kwenye daftari, kisha akataka sifa.

#3 Fundi_Pikseli

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, ila hitimisho ulilolitoa halitokani nayo. Ni kweli kwamba wastani haugeuziki kurudi nyuma. Lakini anayetafuta namba hahitaji kurudi nyuma, kwa sababu anaweza kwenda mbele. Anaandika tarakimu anayoikisia, kwa fonti ileile na ukubwa uleule, anaiwekea vigae vilevile, kisha analinganisha vigae vyake na vyako. Vikilingana, amepata. Visipolingana, anajaribu tarakimu inayofuata, na tarakimu zenyewe ni kumi tu.

Nitachora mfano mdogo ambao mtu anaweza kuukagua kwa kalamu. Hizi ni tarakimu 8 na 6, kila moja ndani ya chumba cha pikseli 4 kwa 6, ambapo alama ya reli ni pikseli nyeusi na nukta ni nyeupe:

```
 8       6
###.    ###.
#.#.    #...
###.    ###.
#.#.    #.#.
###.    ###.
....    ....
```

Sasa gawa kila chumba kwa vigae vya pikseli 2 kwa 2, upate vigae sita, na katika kila kigae hesabu pikseli nyeusi ni ngapi kati ya nne:

```
 8       6
3 2     3 1
3 2     3 2
2 1     2 1
```

Kwa macho, vyumba hivyo viwili ni madoa mawili ya kijivu yanayofanana. Kwa kompyuta, kigae cha juu kulia kimetofautiana kwa pikseli moja kati ya nne, yaani karibu ngazi 64 katika kipimo cha 0 hadi 255 kinachotumika kupima mwanga wa pikseli. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mashine. Vigae vimeondoa umbo la tarakimu, lakini vimeacha alama inayotosha kuitambua kati ya wenzake tisa, na hilo ndilo linalohitajika.

#4 Mwl_Hesabu

Nimekuelewa, lakini bado sijaridhika, na nina hoja mbili. Kwanza, tarakimu sita zina mpangilio milioni moja, na dada huyu angeweza kuficha kumi, zikawa bilioni kumi. Pili, nimechukua karatasi na kuchora tarakimu zote kwa mtindo wako. Angalia 0 na 9:

```
 0       9
###.    ###.
#.#.    #.#.
#.#.    ###.
#.#.    ..#.
###.    ###.
....    ....

3 2     3 2
2 2     2 2
2 1     2 1
```

Vigae ni vilevile kabisa. Mbinu yako haiwezi kuzitofautisha, na hapo ndipo nilipokuwa nimesimama tangu mwanzo.

#5 Fundi_Pikseli

Hoja ya pili nakupa mkono, Mwalimu, umeikamata mahali pake. Katika mchoro ule 0 na 9 hazitenganishiki, na hata mtu awe na mashine gani atabaki na majibu mawili. Lakini ushushe mtandao wa vigae kwa pikseli moja, yaani ule mstari mtupu uhamie juu ya tarakimu badala ya chini yake. Sifuri inakuwa 2 1, 2 2, 3 2, na tisa inakuwa 2 1, 3 2, 2 2. Zimeachana. Kwa hiyo mgongano hautegemei tarakimu tu, unategemea pia vigae vimeanzia wapi. Katika skrinshoti ya simu ya leo tarakimu ina pikseli nyingi kuliko mchoro wangu wa kitoto, na kila moja huangukia sehemu tofauti ya mtandao, hivyo migongano kamili ni michache. Hata kama tarakimu mbili kati ya sita zingebaki na mashaka ya 0 au 9, mhazini angekuwa amebakiwa na ulinzi wa namba nne badala ya milioni moja.

Hoja ya kwanza ndiyo inayowapotosha watu wengi. Ingekuwa kweli kama kila kigae kingechanganya tarakimu zote sita. Lakini kigae ni jambo la mahali. Vigae vilivyo juu ya tarakimu ya kwanza havijui chochote kuhusu ya tano. Kwa hiyo mtu hujaribu tarakimu kumi mahali pa kwanza, anashika iliyolingana, anahamia ya pili. Majaribio yote ni 60, wala si milioni. Pale kigae kinapokaa mpakani na kugusa tarakimu mbili kwa pamoja, anabeba majibu mawili au matatu yaliyokaribiana, kisha tarakimu inayofuata inayachuja.

Na kuna zawadi nyingine ambayo mhazini alimpa kijana bila kujua. Sehemu ya kwanza ya namba ya akaunti ilibaki wazi kwenye picha hiyohiyo, sivyo? Hapo alipata fonti, ukubwa, rangi na nafasi kati ya tarakimu, vyote bila kukisia. Kilichobaki ni mahali mtandao wa vigae ulipoanzia, na kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8 mahali penyewe ni 64 tu. Tena mara nyingi kingo za vigae huonekana wazi kwenye picha, hata hizo 64 hazihitajiki.

#6 Mhazini_Kihonda

Ndiyo, tarakimu za mwanzo ziliachwa wazi, na salio na tarehe pia. Niliona ni ustaarabu kuonyesha kwamba akaunti ni ileile ya kila mwezi. Sikujua kwamba nilikuwa ninatoa sampuli ya mwandiko.

#7 DerevaWaUsiku

Wakuu samahani nikiingilia. Mimi nina picha ya kamera ya duka, pikipiki iliyonigonga inaonekana lakini namba yake ni ukungu mtupu. Kwa maelezo haya ina maana naweza kuisafisha nikaisoma? Nipeni jina la programu.

#8 Fundi_Pikseli

Pole sana, ndugu yangu. Tatizo lako linafanana na hili kwa sura, ila chanzo chake ni tofauti. Skrinshoti ya mhazini ilikuwa na maandishi makali yaliyochorwa na kompyuta, kisha yakafichwa kwa kanuni moja inayojulikana na inayorudiwa kila mara bila kubadilika. Kamera yako haikuficha kitu, haikuona. Pikipiki ilikuwa inakimbia, kibao kilikuwa kimeinama, taa ilikuwa hafifu, na faili limebanwa. Ili ukisie na kulinganisha, ungelazimika kuigiza mambo yote hayo kwa usahihi. Ikiwa unayo video nzima, itunze kama ilivyotoka kwenye kamera na uwapelekee polisi faili lenyewe. Usiwapelekee nakala iliyopita WhatsApp. Na ujihadhari na programu zinazodai kusafisha picha, kwa maana nyingi hubuni herufi zinazopendeza macho, ukaja ukamshitaki mtu ambaye hakuwapo.

#9 Nassor_Muscat

Assalaam aleikum. Mimi situmii vigae, natumia ukungu, ule wa kufifisha polepole kama kioo chenye mvuke. Nimekuwa nikificha hivyo namba za pasipoti za wafanyakazi ninapowatumia mawakala nakala. Nadhani ukungu ni salama zaidi kwa sababu hauna kingo wala mtandao wa kuhesabu, au nakosea?

#10 Fundi_Pikseli

Waaleikum salaam, Sheikh Nassor. Kwa mbinu ya kukisia, ukungu hauna heri kuliko vigae, na mara nyingine ni mbaya zaidi. Katika vigae vya 8 kwa 8, pikseli 64 zinageuka kuwa thamani moja. Katika ukungu kila pikseli inabaki na thamani yake, ambayo ni wastani wa jirani zake kwa uzito unaopungua kadiri unavyokwenda mbali. Kwa hiyo anayelinganisha anapata vipimo vingi vya kulinganishia. Anachohitaji ni kujua nguvu ya ukungu, na hiyo anaweza kuipima kwenye ukingo wowote mkali uliofifishwa, mathalani mstari wa jedwali uliopita chini ya ukungu.

Hili si geni. Mwaka 2007 mhandisi Dheera Venkatraman alieleza hadharani mbinu hiihii ya kukisia na kulinganisha, akitumia mfano wa namba zilizofichwa kwa vigae kwenye picha ya hundi. Mwaka 2016 watafiti wanne, Hill, Zhou, Saul na Shacham, walichapisha utafiti kuhusu vigae na ukungu kwa pamoja. Walitumia kanuni za takwimu zinazotumika pia kutambua maneno yanayosemwa, na wakaonyesha kwamba maandishi ambayo jicho la mtu haliwezi kuyasoma kabisa bado yanaweza kurejeshwa. Baadaye zikatoka programu za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua: Depix mwaka 2020, na Unredacter mwaka 2022 kutoka kampuni ya usalama ya Bishop Fox. Kijana wa Kihonda hakuhitaji kuwa bingwa.

#11 Mwl_Hesabu

Basi niulize kwa upande mwingine, maana sasa nimeingia tamaa ya kuelewa. Kama vigae vikikuzwa sana, kigae kimoja kikafunika tarakimu tatu, si majaribio yanakuwa 1,000 kwa kila kigae na vipimo vinakuwa vichache? Lazima kuna mahali mbinu hii inakwama.

#12 Fundi_Pikseli

Lipo, na umelielekea. Kigae kikifunika tarakimu tatu kwa upana na mstari mzima kwa urefu, unabaki na thamani moja kati ya 0 na 255 ikiwakilisha michanganyiko 1,000. Hata thamani zote 256 zingetumika, kwa wastani kila moja ingebeba michanganyiko karibu minne, na kwa kweli thamani zinazotokea ni chache zaidi, kwa sababu kiasi cha wino cha tarakimu tatu hakitofautiani sana. Hapo anayekisia anarudi nyumbani na orodha ndefu. Vilevile anakwama asipoijua fonti, au picha ikiwa ni ya karatasi iliyopigwa kwa simu mkononi, yenye kivuli na mwelekeo uliopinda.

Jambo ambalo halimkwamishi, ingawa watu hulitegemea, ni kubanwa kwa picha na WhatsApp. Kubana kunaharibu zaidi mahali penye mistari myembamba, ila kigae ni uwanja tambarare wa rangi moja. Ukichukua wastani wa pikseli zake zote 64, makosa mengi yanafutana na thamani ya asili inarudi karibu kamili.

Ila siwezi kumshauri mtu ategemee vigae vikubwa. Kikomo hakionekani kwa macho, na orodha fupi ya majibu yanayowezekana inakishusha. Ukificha jina la mmoja wa wanachama 22, anayekisia hahitaji herufi, anajaribu majina 22 mazima na kuchagua linalokaribia zaidi.

#13 Pwani_Editor

Naongeza upande wa video, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri. Maandishi yakisogea chini ya vigae vilivyotulia, kila fremu inapiga wastani mahali tofauti kidogo, kwa hiyo ule mgongano wa 0 na 9 alioutaja Mwalimu unajifungua wenyewe. Mwaka 2025 mtengenezaji wa video wa Marekani, Jeff Geerling, aliweka vigae juu ya dirisha la kompyuta lililokuwa likisogezwa kwenye video yake, akaahidi dola 50 kwa atakayeyasoma yaliyomo, na watazamaji wakayasoma. Tangu hapo nimeacha vigae kabisa kwenye maandishi, natumia bamba jeusi hata kama mteja analalamika kwamba linaonekana kama taarifa ya polisi.

#14 Mama_Stationery_Tanga

Mimi nina duka la kutoa kopi na kuchapisha. Niliwahi kufuta namba ya kitambulisho cha mteja kwa kalamu nyeusi ya kwenye simu, nikapaka mara tatu mpaka ikawa nyeusi tii. Mtoto wa dada yangu akaongeza mwanga wa picha, namba ikatoka kama imeandikwa kwa makaa. Nilifadhaika siku nzima. Kwa hiyo na hilo bamba jeusi mnalolisifu msiliamini sana.

#15 Fundi_Pikseli

Mama, kisa chako ni muhimu, na kosa halikuwa la weusi. Uliishika kalamu ya kupigia mstari wa rangi, ambayo kwa kawaida huacha mwanga upite. Tuseme inaziba asilimia 80. Karatasi nyeupe yenye thamani 255 ikipakwa mara moja inakuwa 51, mara ya pili 10, mara ya tatu 2. Maandishi meusi yaliyokuwa 0 yanabaki 0. Kwa jicho, 2 na 0 ni nyeusi ileile. Kwa programu ya kuongeza mwanga, 2 ni 2 na 0 ni 0, na kinachofuata ni kuzitenganisha tu. Kwa kalamu ya namna hiyo, pako la nne lingefikisha yote sifuri, lakini nani anahesabu mapako?

Bamba linalofaa ni umbo la mstatili lililojazwa rangi isiyopitisha mwanga hata kidogo, ili thamani za zamani zifutwe na kuandikwa upya badala ya kupunguzwa. Kwenye simu tafuta umbo la mraba lililojazwa, na uhakikishe kipimo cha kuziba kiko kwenye asilimia 100. Kwenye kompyuta mimi hutumia amri hii ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika amri, ambapo namba nne ni pembe mbili za eneo la kuziba:

```
magick taarifa.png -fill black -draw "rectangle 212,340 468,372" -strip safi.png
```

Neno `-strip` linaondoa taarifa za ziada zilizobebwa ndani ya faili. Kisha ninakagua kwa kuiuliza picha ina rangi ngapi ndani ya bamba:

```
magick safi.png -crop 250x30+215+341 -unique-colors txt:
```

Mstari wa kwanza wa jibu, unaoanza na alama ya reli, ni kichwa tu. Chini yake ukirudi mstari mmoja tu wa rangi, hakuna kilichobaki chini ya bamba. Ikirudi mistari ya rangi miwili au zaidi, kuna kitu kimepenya. Asiye na kompyuta afanye alivyofanya mpwa wa Mama: aongeze mwanga na utofauti wa rangi mpaka mwisho, kabla ya kutuma.

#16 Nassor_Muscat

Na kwenye PDF? Mimi huweka maboksi meusi juu ya maandishi kwenye programu ya kuandikia, kisha nahifadhi kama PDF.

#17 Pwani_Editor

Hapo, Sheikh, boksi linakaa juu ya maandishi kama kitambaa juu ya meza, na maandishi yanabaki chini yake. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani Washington hati ya namna hiyo, na waandishi wa habari wakanakili sehemu nyeusi na kuibandika kwingine, maneno yote yakatoka. Geuza ukurasa uwe picha kwanza, uzibe kwenye picha, ndipo uifanye PDF. Jaribio la haraka ni kupitisha kishale juu ya boksi, kunakili na kubandika.

#18 Mama_Stationery_Tanga

Mimi naona njia rahisi ni kukata. Unakata picha, kipande chenye namba kinabaki nje, yameisha.

#19 Fundi_Pikseli

Kukata ni njia nzuri, Mama, ilimradi faili jipya liwe jipya kweli. Machi 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kuhariri picha cha simu za Google Pixel kilikuwa kinaandika picha iliyokatwa juu ya faili la zamani bila kulifupisha, hivyo mkia wa picha ya asili ulibaki ndani na ukaweza kurejeshwa kwa sehemu. Kifaa cha skrinshoti cha Windows 11 kilikutwa na kasoro ya aina hiyohiyo. Zote mbili zilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kutumwa hazikurekebishika. Kwa hiyo nikishakata au kuziba, hupiga skrinshoti ya picha iliyokamilika na kutuma hiyo skrinshoti. Picha inachorwa upya kutoka kwenye skrini, na skrini haiwezi kutoa kisichoonekana. Isipokuwa msiikate tena hiyo ya pili, maana mtakuwa mmerudi mlikotoka.

#20 Mwl_Hesabu

Mimi bado naona tundu moja kwenye bamba jeusi. Upana wake unasema urefu wa kilichozibwa. Kwa tarakimu si neno, kwa kuwa kila mtu anajua namba ya akaunti ina tarakimu ngapi. Lakini kwenye orodha ya wadaiwa, bamba fupi ni Asha na bamba refu ni Mwanahamisi, na kikundi kizima kitajua nani hajalipa.

#21 Fundi_Pikseli

Hapo umenitangulia, Mwalimu. Katika fonti za kawaida herufi hazilingani upana, "m" ni pana na "i" ni nyembamba, kwa hiyo hata majina yenye idadi sawa ya herufi yanaweza kutofautiana kwa pikseli kadhaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mwaka 2022 kwamba nafasi za herufi zilizobaki kwenye PDF zinaweza kufichua majina yaliyozibwa, hata pale maandishi yenyewe yalipoondolewa kabisa. Kwenye orodha ya majina mimi huziba safu nzima kutoka ukingo hadi ukingo, kila bamba upana mmoja. Lakini likiwa neno katikati ya sentensi, maneno ya pande zote mbili yanabaki kushuhudia nafasi, na hapo sina dawa nzuri isipokuwa kuandika sentensi upya.

#22 Pwani_Editor

Ipo, nayo ni kubadilisha kabla ya kupiga picha. Ukiwa na jedwali lako mwenyewe, weka "Mwanachama 7" mahali pa jina, kisha piga skrinshoti. Kisichokuwapo hakitafutwi. Na anayeng'ang'ania urembo wa vigae aandike kwanza namba ya uongo mahali pa ile ya kweli, ndipo aweke vigae. Atakayehangaika kuvisoma atasoma uongo.

#23 Mwl_Hesabu

Kwa wasanii hilo ni sawa, lakini kwa mhazini ningelikataa. Siku mwanachama akiifumbua picha na kukuta namba ya akaunti isiyo ya kikundi, nani atamwamini dada huyu tena?

#24 Pwani_Editor

Kwa taarifa ya fedha, nakubali. Kwa video za burudani nitaendelea nayo.

#25 Mhazini_Kihonda

Nawashukuru wote. Jana nilimpigia yule kijana nikamwuliza moja kwa moja. Anasema aliandika tarakimu kwenye kompyuta ya chuo, akaziwekea vigae, akalinganisha moja baada ya nyingine jioni moja, na tarakimu ya nne ilimpa majibu mawili, akachagua kwa bahati. Hilo linafanana na mgongano wa Mwalimu, ingawa mume wangu bado anaamini aliiona namba kwenye hati ya benki iliyokuwa mezani siku ya kikao cha Januari. Sina njia ya kujua.

Taarifa ya mwezi huu nimeiziba kwa bamba jeusi kutoka tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, nikaongeza mwanga mpaka mwisho, sikuona kitu. Picha za zamani nimezifuta kwenye kundi pale ilipowezekana, lakini ziko miezi kumi na minne, na simu 22 zinahifadhi picha zenyewe. Kesho nitakwenda benki kuuliza kama kuna madhara yoyote namba ikijulikana. Je, kuna aliyewahi kubadilisha namba ya akaunti ya kikundi bila kufungua akaunti mpya?

#26 Nassor_Muscat

Kwa benki sijui, dada. Mimi nimeanza kuwaandikia mawakala wanifutie nakala za pasipoti za tangu mwaka jana. Wawili wamejibu.

#27 DerevaWaUsiku

Wakuu, video nzima ninayo. Fremu tatu kibao kinaonekana kimenyooka kidogo. Nimeihifadhi kama mlivyosema, na ninaipeleka kituoni kesho asubuhi.